Thoriamu, Dakika Moja, na Mkunjo Usiogusa Sifuri

Mwaka 1899, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Robert Owens alikuwa akipima mionzi ya thoriamu kwa kutazama mkondo mdogo wa umeme unaopita hewani karibu na madini hayo. Vipimo vyake havikutulia. Mlango wa maabara ukifunguliwa na upepo ukaingia, mkondo ulipungua; ukifungwa, mkondo ulipanda tena. Mionzi haipeperushwi na upepo, kwa hiyo palikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikitoka kwenye thoriamu na kuchukuliwa na hewa. Ernest Rutherford, aliyekuwa amefika McGill mwaka mmoja kabla, aliendelea na suala hilo. Alipitisha hewa juu ya oksidi ya thoriamu, akaikusanya katika chombo kilichofungwa, kisha akazima mkondo wa hewa na kutazama kipimo. Umeme ulishuka hadi nusu kwa takriban dakika moja. Dakika iliyofuata ulishuka hadi nusu ya ile nusu, na iliyofuata vivyo hivyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1900, na ndipo dhana ya nusumaisha ilipoanza kutumika.

Gesi ile leo inajulikana kuwa ni radoni-220. Nusumaisha yake ni sekunde 55 na ushei, na kwa sababu hiyo inafaa kufundishia kuliko vitu vingine vingi: somo zima, kuanzia kipimo cha kwanza hadi mkunjo kuchorwa, linamalizika ndani ya kipindi kimoja. Waliosoma fizikia katika shule zilizokuwa na vifaa wanaikumbuka chupa laini ya plastiki yenye unga wa thoriamu ndani, mipira miwili midogo ya kupitishia gesi, na klipu za kuibana ili gesi isitoke chumbani. Chupa ikiminywa mara chache, gesi inaingia kwenye chombo cha kupimia chenye tyubu ya Geiger, na milio inaanza kwa kasi hadi haihesabiki kwa sikio. Baada ya dakika tano imebaki mlio mmoja mmoja.

Kabla ya kufika kwenye milio hiyo, inafaa kufuata njia ambayo gesi imepita. Kiini cha thoriamu-232 kina protoni 90 na nyutroni 142. Hakiko imara, na kinapovunjika kinatoa chembe ya alfa, yaani kiini cha heli chenye protoni mbili na nyutroni mbili. Kinachobaki ni radiamu-228:

²³²₉₀Th → ²²⁸₈₈Ra + ⁴₂He

Namba za juu zinalingana pande zote mbili, 232 kwa 228 na 4. Za chini vilevile, 90 kwa 88 na 2. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayotafutwa na msahihishaji, na mwanafunzi anayeifanya kabla ya kuandika alama ya elementi mpya huwa hakosei jina lake, kwa sababu jina linaamuliwa na namba ya protoni peke yake.

Radiamu-228 nayo haitulii, lakini haitoi alfa. Ndani ya kiini chake nyutroni moja inageuka kuwa protoni, na elektroni inayozaliwa hapo hapo inarushwa nje kwa kasi kubwa. Hiyo ndiyo chembe ya beta. Jumla ya protoni na nyutroni haibadiliki, ila protoni zimeongezeka kwa moja:

²²⁸₈₈Ra → ²²⁸₈₉Ac + ⁰₋₁e

Kosa linalojirudia hapa ni kudhani kwamba elektroni ya beta imetoka kwenye mizingo inayozunguka kiini. Ingekuwa hivyo, atomi ingebaki elementi ile ile na kuwa ioni tu. Kwa kuwa elektroni imetokana na nyutroni iliyogeuka, elementi inapanda ngazi moja katika jedwali la elementi, na jambo hilo huwashangaza wengi: kiini kimetoa kitu, na bado namba yake ya atomiki imeongezeka.

Mionzi ya gama haigusi namba yoyote. Baada ya alfa au beta kutoka, mara nyingi kiini kinachobaki kina nishati ya ziada, na nishati hiyo hutolewa kama wimbi la sumakuumeme, la jamii moja na mwanga lakini lenye nishati kubwa zaidi. Kwa hiyo swali likisema kiini fulani kimetoa gama pekee, kiini cha mwisho ni kile kile cha mwanzo.

Tofauti za tabia za mionzi hii zinafuata umbile lake. Alfa ni nzito na ina chaji mbili chanya. Inaziondolea elektroni atomi nyingi katika kila sentimita ya hewa inayopita, hivyo nishati yake inaisha baada ya sentimita chache, na karatasi moja inatosha kuizuia. Beta ni nyepesi, ina chaji moja hasi, na huhitaji milimita chache za aluminiamu. Gama haina chaji wala uzito wa kuipunguza mwendo. Hata sentimita kadhaa za risasi huipunguza tu, haziimalizi. Neno “huipunguza” lina alama zake katika mtihani, na anayeandika kwamba risasi inazuia gama yote anaweza kuzipoteza. Katika uga wa umeme alfa hupinda kidogo kuelekea bamba hasi, beta hupinda sana kuelekea bamba chanya, na gama hupita moja kwa moja.

Mlolongo wa thoriamu unaendelea kwa hatua za alfa na beta mpaka unapofika kwenye risasi-208, ambayo ni imara. Radoni-220 iko katikati ya njia hiyo. Maswali ya mtihani hupenda kuuliza ni chembe ngapi za alfa na ngapi za beta zimetoka kati ya thoriamu-232 na risasi-208, na wanafunzi wengi huanza kuandika hatua moja baada ya nyingine hadi karatasi inajaa. Njia fupi ni kuanza na namba ya juu, kwa kuwa alfa peke yake ndiyo inayoibadilisha. Kutoka 232 hadi 208 zimepungua 24, na kila alfa inapunguza 4, kwa hiyo alfa ni 6. Alfa 6 zingepunguza protoni 12, kutoka 90 hadi 78. Lakini risasi ina protoni 82. Zile 4 za ziada zimeletwa na beta, moja kwa kila beta, kwa hiyo beta ni 4. Anayeanza na namba ya chini hukwama, kwa sababu hapo alfa na beta zinavutana pande tofauti na haijulikani ipi imefanya nini.

Sasa irudiwe chupa na gesi yake. Radoni-220 inatoa alfa, na alfa haipenyi kioo cha tyubu ya kawaida ya Geiger, hivyo tyubu inayotumika lazima iwe na dirisha jembamba la maika. Kabla gesi haijaingizwa, tyubu inaachwa ihesabu peke yake kwa dakika kadhaa. Hata hapo inalia. Milio hiyo inatokana na mionzi ya mazingira: madini ya udongoni na ukutani, radoni iliyoko hewani, na miale inayotoka angani. Kiwango chake hutofautiana kwa mahali. Kilima cha Mrima, Kwale, katika pwani ya kusini ya Kenya, kinajulikana kwa mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida, na chanzo kikubwa ni thoriamu iliyomo katika miamba yake. Shule iliyo karibu na miamba ya namna hiyo haiwezi kuazima kipimo cha shule nyingine. Kila maabara hupima mionzi ya mazingira yake.

Tuseme tyubu, bila gesi, imetoa wastani wa milio 30 kwa dakika. Gesi ikaingizwa, saa ikaanza, na vipimo vikawa hivi:

| Muda (sekunde) | Milio kwa dakika |
|---|---|
| 0 | 830 |
| 30 | 578 |
| 60 | 406 |
| 90 | 287 |
| 120 | 206 |
| 150 | 151 |
| 180 | 113 |
| 240 | 69 |
| 300 | 48 |

Mwanafunzi mwenye haraka anachora namba hizi kama zilivyo. Muda unakaa kwenye mhimili mlalo na milio kwenye mhimili wima, nukta zinawekwa, mkunjo laini unapitishwa, na umbo linalotokea linapendeza. Kisha anatafuta nusu ya 830, ambayo ni 415, anavuta mstari mlalo hadi kwenye mkunjo, anateremka hadi kwenye muda, na kusoma sekunde 58. Anaandika nusumaisha ni sekunde 58 na kufunga daftari. Jibu haliko mbali na ukweli, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani hakuna kinachomshtua.

Akiendelea kidogo tu, mkunjo wenyewe utamweleza. Nusu ya 415 ni kama 208, nao mkunjo unafika hapo karibu na sekunde 119. Hatua ya pili imechukua sekunde 61. Kutoka 208 hadi 104 inachukua kama sekunde 70. Kutoka 104 hadi 52 inachukua takriban sekunde 96. Nusumaisha inarefuka kadiri gesi inavyopungua, jambo lisilowezekana kwa isotopu moja. Kila kiini cha radoni-220 kina uwezekano ule ule wa kuvunjika katika sekunde ijayo, kiwe kimeundwa sasa hivi au kimekaa dakika tatu. Viini havizeeki. Kwa hiyo muda wa nusu kuvunjika lazima ubaki ule ule, kuanzia mwanzo wa mkunjo au katikati yake. Muda huo ukirefuka hatua kwa hatua, kitu kisichopungua kimeingia kwenye hesabu, na hapa ni ile milio 30 ya mazingira, ambayo mwanzoni ilikuwa sehemu ndogo ya 830 lakini mwishoni ni zaidi ya nusu ya 48.

Ondoa 30 kwenye kila kipimo kabla ya kuchora chochote. Zinabaki 800, 548, 376, 257, 176, 121, 83, 39 na 18. Mkunjo mpya unapita 400 kwenye sekunde 55, 200 kwenye sekunde 110, na 100 kwenye sekunde 165. Hatua zote tatu ni sekunde 55. Mkunjo huu unakaribia sifuri bila kuugusa mhimili mlalo. Ule wa kwanza ulikuwa ukikaribia 30. Katika mtihani, mkunjo uliochorwa tayari ukionekana kunyooka na kuwa mlalo juu ya mhimili, kimo chake hapo ndicho kiwango cha mionzi ya mazingira hata kama swali halijakitaja, na lazima kitolewe kabla ya kugawa kwa mbili.

Kusoma nusumaisha mahali pamoja tu hakutoshi. Utaratibu unaofaa ni kuchukua angalau sehemu mbili au tatu za mkunjo, kila moja ikianza na thamani iliyo rahisi kugawa, na kutafuta wastani. Si lazima kuanza na kipimo cha sekunde 0. Kutoka 600 hadi 300 ni halali sawa na kutoka 800 hadi 400, na mara nyingi ni rahisi zaidi kusoma kwenye karatasi ya miraba. Mistari ya kusomea, ule mlalo na ule wima, iachwe ionekane kwenye mchoro. Msahihishaji anayekuta jibu limekosewa kidogo huangalia mistari hiyo ili atoe alama ya njia, na isipokuwepo hana pa kuiweka.

Nukta zenyewe hazitakaa sawasawa juu ya mkunjo, na hazipaswi kulazimishwa. Kuvunjika kwa viini ni jambo la bahati nasibu: haiwezekani kujua kiini gani kitafuata, wastani wa vingi tu ndio unaojulikana. Ukihesabu milio 100, kipimo kingine cha hali ile ile kinaweza kutoa 90 au 110 bila kosa la mtu yeyote, kwa kuwa mtawanyiko wa kawaida ni kipeuo cha pili cha idadi iliyohesabiwa. Kwa milio 800 mtawanyiko huo ni kama 28, sehemu ndogo sana. Kwa milio 16 ni 4, yaani robo nzima. Ndiyo maana mkia wa mkunjo huyumba kuliko kichwa chake, na nusumaisha hutafutwa sehemu ya juu, pale namba zilipo kubwa. Kuunganisha nukta kwa rula, moja hadi nyingine, ni kuuchukulia mtawanyiko huo kana kwamba ni tabia ya gesi.

Mara nusumaisha ikishajulikana, hesabu za mtihani zinakuwa za aina chache, na zote zinaanzia kwenye swali moja: zimepita nusumaisha ngapi? Iodini-131 inafaa hapa, kwa kuwa hutumika hospitalini kutibu tezi ya shingo, inatoa beta na gama, na nusumaisha yake ni siku 8 hivi. Tuseme chupa ina megabekereli 400 leo. Baada ya siku 24 zimepita nusumaisha 3, na 400 inakuwa 200, kisha 100, kisha 50. Swali likiuliza kiasi gani kimebaki, jibu ni 50. Likiuliza unururifu umepungua kwa kiasi gani, jibu ni 350. Maneno “kimebaki” na “kimeoza” yanastahili kupigiwa mstari kwenye karatasi ya maswali kabla ya kalamu kugusa hesabu, kwani aliyekokotoa vizuri na kujibu lingine hupata hasara ile ile ya asiyejua.

Ugumu unaanza muda usipogawanyika sawasawa. Baada ya siku 20 zimepita nusumaisha mbili na nusu. Siku ya 16 zilibaki 100, siku ya 24 zitabaki 50, na siku ya 20 iko katikati kabisa, kwa hiyo wengi huandika 75. Hiyo ingekuwa kweli kama mkunjo ungekuwa mstari ulionyooka. Mkunjo wa kuoza unashuka haraka mwanzoni mwa kila hatua na polepole mwishoni, kwa hiyo katikati ya muda unakuwa tayari umeshapita chini ya katikati ya thamani. Fomula inatoa jibu kamili:

A = A₀ × (½)^(t/T)

Hapa A₀ ni 400, t ni siku 20 na T ni siku 8. Nusu ikipandishwa kwa kipeo 2.5 ni 0.177, na jibu ni takriban megabekereli 71. Mwanafunzi asiye na kikokotoo anaweza kulisoma kwenye mkunjo aliouchora mwenyewe, akakaribia vya kutosha.

Fomula ile ile inatembea kinyumenyume. Chupa iliyo na megabekereli 400 leo ilikuwa na 800 siku 8 zilizopita na 1,600 siku 16 zilizopita. Kurudi nyuma ni kuzidisha kwa mbili. Na ikiwa kinachotafutwa ni nusumaisha yenyewe, unaanza na uwiano. Sampuli iliyoshuka kutoka 640 hadi 40 imegawanywa kwa 16, na 16 ni mbili iliyozidishwa mara nne, kwa hiyo zimepita nusumaisha 4. Ikiwa hayo yamechukua saa 24, nusumaisha ni saa 6, ambayo ni ya teknishiamu-99m inayotumika kupiga picha za viungo hospitalini. Kosa la hapa ni kugawa 24 kwa 16 na kupata saa moja na nusu: hesabu safi ya swali lisiloulizwa. Na namba za swali zikiwa ni vipimo vya tyubu, si unururifu wa chanzo pekee, mionzi ya mazingira hutolewa kwanza kabla ya kutafuta uwiano wowote.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kinachopungua. Baada ya nusumaisha moja, nusu ya viini vya iodini-131 vimebaki, lakini uzito wa kilichomo ndani ya chupa iliyofungwa haujawa nusu. Viini vilivyooza vimegeuka zenoni-131, ambavyo vina jumla ile ile ya protoni na nyutroni na bado vipo ndani. Kinachofikia nusu ni idadi ya viini vya iodini-131, uzito wa iodini-131, na unururifu wake. Kauli kwamba sampuli yote imebaki na nusu ya uzito wake si sahihi.

Zao la kuoza linaweza hata kujionyesha kwenye mkunjo. Radoni-220 inapotoa alfa inakuwa poloniamu-216, ambayo nayo inatoa alfa ndani ya sehemu ya sekunde, kwa hiyo milio yake inafuata ya radoni bila kuchelewa. Kisha inabaki risasi-212, ambayo nusumaisha yake ni kama saa 10 na nusu, na inaganda kwenye kuta za chombo. Rutherford aliiona tabia hiyo mapema: vitu vilivyokaa kwenye gesi ya thoriamu vilitoa mionzi kwa saa nyingi baada ya gesi kwisha. Katika chombo cha shule kilichotumika mara kadhaa mfululizo, kipimo cha mwisho kinaweza kukataa kushuka hadi milio 30 iliyopimwa asubuhi, na mwanafunzi akaanza kuishuku tyubu. Dawa yake ni kupima mionzi ya mazingira upya huku chombo kikiwa kimefungwa palepale kilipo, dakika kumi baada ya gesi kuingizwa, muda ambao radoni imepitia nusumaisha kama 11 na kubakiwa na chini ya sehemu moja ya elfu. Namba itakayopatikana hapo ndiyo ya kutoa kwenye jedwali.